Ujumbe wa Kwanza kwa Msambazaji Mpya: Benki, PIN ya KRA na Mtu wa Kupigiwa Simu

Katika kiwanda cha kusaga vyakula vya mifugo hapa Nakuru ambako ninafanya kazi ya hesabu, hakuna LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, inayotolewa kwa msambazaji mpya kabla hajajibu ujumbe mmoja mfupi. Ujumbe huo unaomba mambo matatu: taarifa za benki, PIN ya KRA, na jina na simu ya mtu atakayeshughulikia malipo. Wasambazaji wengi huuona kama usumbufu wa ofisi, na hata baadhi ya wenzangu wa idara ya ununuzi huutuma haraka haraka ili lori lipate kuondoka. Mimi ninauona kuwa ndio udhibiti wa pekee ulio rahisi tulio nao juu ya fedha zinazotoka, kwa sababu kila jambo kati ya hayo matatu linatumika kuhakikisha mengine mawili, na lile la mwisho, ambalo watu hulijaza bila kufikiri, ndilo litakalotuokoa siku ambayo mtu atajaribu kutuibia.

Nitaeleza kwa kutumia msambazaji mmoja, mama anayenunua omena kutoka kwa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, huikausha na kuiuza kwa gunia kutoka Kisumu. Bei aliyotupa ilikuwa shilingi 120 kwa kilo, nasi tulitaka kilo 1,500, yaani mzigo wa shilingi 180,000. Ana biashara iliyosajiliwa kwa jina la biashara, si kampuni, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika yale yatakayofuata.

Kabla ya kuja kwake, nieleze kwa nini maswali haya huulizwa kabla ya LPO na si baada ya mzigo kufika. Omena ikishateremshwa ghalani, msambazaji anataka fedha zake, dereva anataka kuondoka, na mkuu wa ghala anapiga simu kuuliza kwa nini malipo yanachelewa. Katika hali hiyo mtu hutuma nambari ya akaunti kwa WhatsApp akiwa barabarani, mhasibu huiandika kama alivyoipokea, na hakuna anayepata nafasi ya kuuliza akaunti hiyo ni ya nani. Ikigunduliwa wakati huo kwamba PIN haifanyi kazi au kwamba msambazaji hawezi kutoa ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, hakuna njia ya kurudi nyuma, kwa kuwa bidhaa tayari ni zetu na deni tayari ni letu. Kabla ya LPO hakuna anayemdai mwenzake, na mtu huweza kuuliza bila kumkosea heshima aliye upande wa pili.

Huu ndio ujumbe tuliomtumia, kwa barua pepe, nikiwa nimeondoa majina:

KUH: Taarifa za malipo kabla ya LPO ya kwanza

Kwa Bi. ........,

Tunashukuru kwa bei uliyotupatia ya omena kavu. Kabla ya kutoa LPO ya kwanza tunaomba ututumie cheti chako cha PIN ya KRA na cheti cha usajili wa jina la biashara. Pili, tunaomba jina la benki, tawi, jina la akaunti kama benki inavyoliandika, na nambari ya akaunti, pamoja na barua ya benki yenye muhuri, hundi iliyofutwa, au sehemu ya juu ya taarifa ya akaunti. Miamala na salio unaweza kuvificha, hatuvihitaji. Tatu, tunaomba jina na nambari ya simu ya mtu tutakayempigia kuhusu malipo, na la mtu wa pili ikiwa wa kwanza hapatikani.

Ankara yako ya eTIMS iandikwe kwa jina la kampuni yetu na PIN yetu, ambavyo vimeandikwa chini ya ujumbe huu. Hatutakuomba kamwe nambari ya siri ya M-Pesa wala ya kadi ya benki. Taarifa hizi zitatumika kwa malipo na kumbukumbu za kodi pekee. Baadaye ukitaka kubadilisha akaunti, hatutabadilisha kwa barua pepe wala kwa ujumbe wa simu peke yake. Tutapiga simu kwa nambari utakayotupatia leo.

Wako mwaminifu, ........

Sentensi ya nambari ya siri si mapambo. Katika nchi ambayo karibu kila mwenye simu amewahi kupigiwa na mtu anayejifanya wa benki, mfanyabiashara akiona ujumbe kutoka kwa watu asiowafahamu unaosema «tutumie PIN yako», ana haki ya kuufuta. Ndiyo maana tunaandika «PIN ya KRA» kwa ukamilifu kila mahali, na ndiyo maana afisa wetu wa ununuzi, ambaye tayari alikuwa amezungumza na mama huyo kuhusu bei, humpigia simu kwanza kumweleza kwamba ujumbe unakuja. Ujumbe unaotangulia simu hiyo hukaa bila jibu.

Jibu lilipofika, nilianza na PIN, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuhakikishwa bila kumwuliza mtu yeyote. PIN ya KRA ina herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine. Ya mtu binafsi huanza kwa A, na ya kampuni huanza kwa P. Yake ilianza kwa A, na ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwa sababu jina la biashara si mtu mwingine mbele ya sheria. Anayedaiwa kodi ni mwenyewe. Msambazaji akijitambulisha kama kampuni yenye wakurugenzi, kisha akatuma PIN inayoanza kwa A, hapo ninasimama. Huenda ametuma ya mkurugenzi kwa kutojua, huenda kampuni haijawahi kusajiliwa, lakini kwa vyovyote vile PIN hiyo si ya yule anayetaka kutuuzia.

Kwenye tovuti ya itax.kra.go.ke kuna sehemu iitwayo PIN Checker. Mtu huandika PIN, hujibu swali dogo la hesabu linaloulizwa pale, kisha huonyeshwa jina la mlipa kodi, ikiwa PIN inatumika, na aina za kodi alizosajiliwa. Nilipata majina yake matatu, nikaona kwamba PIN inatumika, na nikaona kwamba hakusajiliwa kwa VAT. Jambo hili la mwisho linanihusu moja kwa moja, kwani asiyesajiliwa kwa VAT haruhusiwi kuitoza, na laiti bei yake ingekuwa na asilimia 16 iliyoongezwa juu, tungelipa kodi ambayo tusingeweza kuidai kokote. Majina hayo matatu niliyaandika kwenye karatasi kwa tahajia ileile, kwa sababu kila kitu kingine kilipaswa kulinganishwa nayo.

Tukiwa bado katika PIN, kuna suala la eTIMS ambalo wakulima na wachuuzi wengi wa magharibi mwa Kenya bado hulisikia kama habari ya watu wa Nairobi. Tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi, isipokuwa kwa aina chache za gharama zilizosamehewa. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida. Kwa hiyo, mzigo wa shilingi 180,000 usio na ankara hiyo hutuongezea kodi ya shilingi 54,000, kana kwamba omena ilikuwa ya shilingi 156 kwa kilo. Hakuna bei nzuri ya Kisumu inayoweza kuziba pengo hilo. Marekebisho ya sheria ya mwishoni mwa 2024 yaliruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo au mkulima ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5, na kwa wasambazaji kama huyu njia hiyo inasaidia sana, lakini hata hapo PIN ya muuzaji inahitajika. Kwa hiyo swali halikwepeki; linabadilika tu kuwa nani atakayeandika ankara, na hilo ni bora likubaliwe kabla gunia la kwanza halijapimwa. Yeye alikuwa ameshajisajili na alipendelea kuandika mwenyewe. PIN yetu tuliiweka kwenye ujumbe kwa sababu ankara isiyo na PIN ya mnunuzi hutulazimu kuirudisha, na kuirudisha ankara ya mtu aliye umbali wa kilomita nyingi humfanya aamini kwamba tunatafuta visingizio vya kutolipa.

Baada ya PIN nikafungua taarifa za benki, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Akaunti aliyotuma ilikuwa ya kijana mmoja mwenye jina tofauti kabisa na majina matatu ya PIN. Nilimpigia, akaniambia bila kusita: ni mwanawe wa kwanza, ndiye anayejua mambo ya benki kwenye simu, na wanunuzi wa sokoni humlipa kupitia kwake. Sikuwa na sababu ya kumtilia shaka, na bado nilikataa. Ninajua wahasibu ambao wangekubali kwa barua iliyosainiwa na mama mwenyewe, na kwa biashara ya fedha taslimu huenda wakawa sawa, lakini kwetu malipo hayo yangekuwa na ankara ya mtu mmoja na uthibitisho wa benki wa mtu mwingine. Mkaguzi wa hesabu angeuliza ni nani aliyelipwa. Kubwa zaidi, mama na mwanawe wakikosana, mama anaweza kudai kwa haki kabisa kwamba kampuni haijamlipa, na sisi hatungekuwa na karatasi ya kumpinga.

«Sasa mwanangu, mnataka niende benki kwa ajili ya magunia haya?» aliniuliza.

Nilimjibu, «Mama, akaunti yoyote yenye jina lako au jina la biashara yako inatosha. Ikiwa unayo ya zamani ambayo huitumii sana, hiyo pia ni sawa.»

Alikuwa nayo, kwa jina la biashara. Hapa ndipo cheti cha usajili wa jina la biashara kinapofanya kazi ambayo PIN haiwezi kuifanya peke yake. PIN Checker hunionyesha majina ya mtu. Barua ya benki hunionyesha jina la biashara. Na majina hayo mawili hayafanani hata kwa neno moja. Cheti cha usajili ndicho kinachosema kwamba mwenye jina lile la biashara ni mtu yule mwenye majina yale. Bila cheti hicho nina karatasi mbili zisizojuana. Kwa kampuni, kazi kama hiyo hufanywa na CR12, ambayo huonyesha wakurugenzi na wenye hisa, nami hupendelea iliyotolewa karibuni kwa sababu wakurugenzi hubadilika na karatasi ya zamani haitasema hivyo.

Kuhusu nambari ya akaunti yenyewe, nina msimamo ambao wenzangu huuona wa ukaidi: siinakili kutoka kwenye maneno ya barua pepe, huisoma kwenye karatasi ya benki. Akaunti za baadhi ya benki zetu huanza kwa sifuri, na nambari kama hiyo ikibandikwa kwenye jedwali la Excel bila safu hiyo kupangwa kama maandishi, sifuri ya mwanzo hupotea kimya kimya. Nambari iliyobaki huonekana nzuri tu. Njia ya kuligundua ni kuhesabu tarakimu za karatasi na za mfumo. Zikitofautiana kwa moja, jibu ni hilo. Kwa kawaida malipo ya namna hiyo hurudi, lakini hadi yarudi msambazaji ameshaambiwa kwamba amelipwa, na sasa ni neno lake dhidi ya letu. Nambari mbili zilizobadilishana nafasi ni hatari zaidi, kwa kuwa urefu ni uleule na jicho huzipita.

Ni muhimu pia kujua kwamba jina la akaunti tunaloliandika kwenye malipo ya benki si lazima lizuie fedha kwenda pasipofaa. Katika malipo mengi, nambari ndiyo inayoongoza. Aliyezoea M-Pesa, ambako jina la mpokeaji huonyeshwa kabla ya kutuma, hudhani kwamba benki pia italinganisha jina na nambari, na dhana hiyo imewagharimu watu. Baadhi ya benki huonyesha jina unapotuma kwa PesaLink, ambayo hupokea malipo ya hadi shilingi 999,999 kwa mara moja, na pale linapoonekana huwa ninalisoma. Mama huyo aliuliza pia kwa nini tusimtumie kwa M-Pesa moja kwa moja. Shilingi 180,000 zingeingia, kwa sababu kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, ila simu haiwezi kushikilia zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na maagizo yakikua tungelazimika kubadilisha njia katikati. Nisingependa kuanza na njia ambayo najua tutaihama, kwa kuwa kila badiliko la njia ya malipo ni nafasi kwa mtu mwingine kujipenyeza.

Kwa hiyo nilifanya malipo ya majaribio. Nilituma kiasi kidogo kisichokuwa cha kawaida, shilingi 37, kisha nikampigia kwa nambari ambayo afisa wa ununuzi alikuwa akimpata kwayo tangu walipoanza kuzungumza bei, nikamwuliza ni kiasi gani kilichoingia. Sikumtajia kiasi, huo ndio msingi wa jaribio. Akasema thelathini na saba. Hilo lilionyesha kwamba anayejibu simu hiyo anaiona akaunti hiyo. Halionyeshi zaidi ya hapo. Tapeli aliyetupatia simu yake na akaunti yake kwa pamoja angejibu vivyo hivyo, na ndiyo sababu jaribio hili huja baada ya karatasi kulinganishwa, wala halichukui nafasi yake.

Sasa mtu wa malipo. Katika jibu la kwanza mama alikuwa ameandika jina la mwanawe na nambari ya mwanawe, na hapo sikuwa na pingamizi lolote: fedha ziende kwa mwenye biashara, lakini simu ipokewe na anayefuatilia. Nilichoomba ni mama mwenyewe awe mtu wa pili. Nambari zote mbili ziliingizwa kwenye faili la msambazaji siku hiyohiyo, pamoja na jina la aliyeziingiza, na mtu mwingine ofisini akazilinganisha na jibu kabla ya LPO kutiwa saini. Anayefungua faili la msambazaji asiwe yuleyule anayeidhinisha malipo. Katika ofisi yetu ndogo yenye wahasibu wachache, sharti hilo linaudhi, na sijalilegeza.

Thamani ya nambari hizo huonekana baadaye. Wizi wa aina hii kwa kawaida hauji siku ya kwanza, huja biashara ikishazoeleka. Mtu huingia katika barua pepe ya msambazaji, husoma ankara zilizopita, kisha huandika kwa lugha ileile: akaunti yetu iko katika ukaguzi, tafadhali malipo ya mwezi huu yaende kwenye akaunti hii mpya. Anwani ni ya kweli, ankara ni ya kweli, kiasi ni cha kweli. Nambari ya akaunti pekee ndiyo ngeni. Chini ya barua huwekwa pia nambari ya simu «kwa uthibitisho», na anayepiga nambari hiyo huthibitishiwa na mwizi mwenyewe. Kinga ni kupiga nambari iliyopatikana kabla ya kuwepo kwa sababu yoyote ya kudanganya, na hiyo ni ile iliyoombwa kabla ya LPO ya kwanza. Dalili nyingine ni benki au tawi lililo mbali na mahali pa biashara, au jina la akaunti ambalo halimo katika cheti chochote tulicho nacho. Lakini dalili huweza kukosekana. Simu haipaswi kukosekana.

Ujumbe kama huo ulikuja kweli kutoka kwa anwani ya mama huyo, ukitaka tumlipe kwenye akaunti nyingine, na haukuwa wa wizi. Alikuwa amefungua akaunti mpya kwa sababu ya zamani ilimkata ada nyingi, na mwanawe ndiye aliyeandika. Tulimpigia kijana, kisha mama, tukaomba barua mpya ya benki, tukatuma kiasi kingine kidogo, na malipo ya mzigo uliokuwa njiani yakachelewa kidogo. Aliudhika, akaniambia hivyo. Hakuna kilichofanyika tofauti na tulivyomwandikia katika ujumbe wa kwanza, na nilimkumbusha sentensi hiyo kwa upole.

Limebaki suala ambalo ujumbe wetu wa awali haukulitaja na ambalo sasa tumeliongeza: mtu wa malipo akiondoka. Kijana alipopata kazi Eldoret, barua pepe ilitujulisha kwamba simu zipigiwe binti mwingine. Badiliko la mtu wa kupigiwa ni zito sawasawa na badiliko la akaunti, kwa kuwa anayedhibiti simu ya uthibitisho atadhibiti akaunti katika hatua itakayofuata. Kwa hiyo halikubaliwi mpaka mtu wa pili aliye kwenye faili, hapa mama mwenyewe, athibitishe kwa simu tunayompigia sisi. Wote wawili wakiwa hawapatikani, afisa wa ununuzi anayekwenda Kisumu kukagua omena huenda na fomu, huiona biashara kwa macho yake, na hurudi nayo ikiwa imesainiwa. Hadi hapo, malipo huendelea kwenda kwenye akaunti ya zamani.